Uzi: Maji ya visima yametulia mwaka wa 8, mbona ardhi bado inatitia?

#1 Mpima Bikoni
Wakuu, habari za humu. Swali langu ni kwa wale wa udongo na maji.

Eneo ni tambarare ya matope ya mto, mji unapanuka juu yake. Kuanzia usoni kuna mchanga wa mita 10, chini yake mfinyanzi laini wa mita 20, halafu mchanga mnene ambao visima vyote vinanyonya humo. Maji ya juu yapo mita 2 kutoka usoni na hayajasogea. Maji ya mchanga wa chini yalishuka mita 10 ndani ya miaka 4, kisha yakatulia. Huu ni mwaka wa 8 yametulia, grafu imelala kama kamba iliyovutwa.

Lakini bikoni bado zinashuka sentimita 2 kwa mwaka. Kama maji hayashuki tena, ni nini kinachoibana ardhi? Na itaacha lini?

#2 Kokoto Tupu
Jibu rahisi mkuu. Maji yametolewa, yameacha mapango huko chini. Mapango yanabomoka kidogo kidogo. Ndiyo maana maji yametulia lakini ardhi inaendelea.

#3 Bi Mfinyanzi
Kokoto, mapango ni habari ya miamba ya chokaa, na huko ardhi haishuki sentimita 2 kwa mwaka kwa adabu. Inatumbukia siku moja, shimo la duara, gari ndani. Hapa hakuna pango lolote. Hata mchanga wa visima bado umejaa maji. Kilichopungua humo ni shinikizo, maji yenyewe yapo.

Fikiria mita ya mraba moja ya udongo huko chini. Inabeba uzito wote ulio juu yake: mchanga, mfinyanzi na maji yake. Mzigo huo unabebwa na wawili kwa pamoja. Sehemu inabebwa na chembe za udongo zinazogusana, sehemu inabebwa na maji yaliyobanwa kati yao. Terzaghi ndiye aliyeliweka hili sawa miaka ya 1920: kinachoubana udongo ni ile sehemu ya chembe tu, yaani mzigo wote ukitoa shinikizo la maji. Tunaiita mkazo fanisi. Ukinyonya maji, mzigo wa juu haupungui hata kilo moja, ila yule msaidizi mmoja ameondoa bega. Chembe zinabeba peke yao, zinasogeleana, udongo unakuwa mwembamba.

Mchanga ukibebeshwa hivyo unabonyea kidogo sana, na ukiuachia unarudi. Mfinyanzi laini ni vibapa vidogo vilivyopangana kama nyumba ya karata, na zaidi ya nusu ya ujazo wake ni maji. Nyumba ya karata ikilala haiamki. Kwa hiyo pampu iko kwenye mchanga, anayenywea ni mfinyanzi wa jirani.

#4 Mtaa wa Pili
Afadhali mmelileta hili. Nyumba yangu inapasuka kuta kila kiangazi, mvua zikija nyufa zinajifunga. Msingi uko mita 1. Kumbe ni visima vya majirani?

#5 Paili Ndefu
Mtaa wa Pili, hapana. Ufa unaofunguka na kufunga kwa majira ni udongo wa juu unaovimba na kusinyaa, mita mbili tatu za kwanza, na mara nyingi mti ulio karibu unashiriki. Hiki anachouliza mwenye uzi hakijui kiangazi wala masika. Tena eneo zima likishuka sawasawa, nyumba ndogo haipati ufa wowote, inashuka na mtaa wake. Fungua uzi wako kuhusu msingi, tutakuja.

#6 Mtaa wa Pili
Asante kaka, nimeelewa.

#7 Fundi Jedwali
Tuache maneno, tupige hesabu. Maji yameshuka mita 10. Mita 10 × 9.81 ni kilopaskali 98. Basi mfinyanzi wote umeongezewa mkazo wa kilopaskali 98. Mwenye uzi alete namba mbili za maabara: Cc, yaani jinsi mfinyanzi unavyobonyea, na e0, ujazo wa vitundu ukigawa kwa ujazo wa chembe. Nimpe jibu sasa hivi.

#8 Mpima Bikoni
Ripoti ya maabara: Cc 0.6, e0 1.5, na cv, yaani kasi ya mfinyanzi kutoa maji yake, mita 1 ya mraba kwa mwaka. Uzito wa mchanga 19 na mfinyanzi 16, kilonyutoni kwa mita ya ujazo.

#9 Bi Mfinyanzi
Fundi, subiri kidogo, hiyo 98 umeigawa kwa ukarimu. Mwenye uzi amesema maji ya juu hayajasogea. Basi kwenye paa la mfinyanzi shinikizo halijabadilika hata kidogo, na kwenye sakafu yake limepungua kwa 98. Mambo yakishatulia kabisa, upungufu unapanda sawasawa kutoka sifuri juu hadi 98 chini. Katikati ni 49. Hiyo ndiyo ya kutumia kwa tabaka zima.

Sasa katikati ya mfinyanzi, mita 20 kutoka usoni. Mzigo wote ni 10 × 19 na 10 × 16, jumla 350. Maji yalikuwa na kimo cha mita 18 hapo, yaani 177. Chembe zilikuwa zinabeba 173. Mwisho wa safari zitabeba 222.

```
S = H × Cc/(1+e0) × log10(σ'2/σ'1)
S = 20 × 0.6/2.5 × log10(222/173) = 0.52 m
```

Sentimita 52. Ukiweka 98 tabaka zima unapata karibu 94, na mwenye nyumba anahama bila sababu.

#10 Fundi Jedwali
Hapo nimekubali, nilikimbia. Ila ingekuwa 98 kama maji ya juu nayo yangeshuka mita 10, si ndiyo?

#11 Bi Mfinyanzi
Karibu, lakini haifiki. Maji ya juu yakishuka, ule mchanga unakauka na kupungua uzito, kwa hiyo hata mzigo wote unapungua. Kama mchanga uliojaa maji ni 20 na ulionyevu tu ni 18, mita 10 zinaondoa kilopaskali 20. Chembe zinaongezewa 78, si 98. Watu wengi hujikwaa hapo: tabaka lililofunikwa halipotezi uzito, linapoteza shinikizo tu, tabaka la wazi linapoteza vyote viwili.

#12 Mzee wa Piezomita
Salamu wote. Dada amepiga hesabu safi, ila kaacha mlango mmoja wazi, na huo ndio unaoharibu ripoti nyingi. Hiyo sentimita 52 ni kama mfinyanzi huo haujawahi kubeba zaidi ya 173 maishani mwake. Mfinyanzi una kumbukumbu. Kama zamani bahari ilipokuwa chini zaidi, au uso wa ardhi ulipokuwa juu kabla ya kumomonyoka, au ulipokauka, uliwahi kubeba 230, basi kutoka 173 kwenda 222 ni kazi aliyoizoea. Mteremko wa grafu hapo ni kama moja ya kumi, 0.06 badala ya 0.6, na jumla inakuwa sentimita 5. Kama kumbukumbu yake ni 200, anakwenda polepole hadi 200 halafu anaporomoka: sentimita 3 kisha 22, jumla 25.

Tabaka lile lile, pampu ile ile: 5, 25 au 52. Mpima, ripoti yako inasemaje kuhusu kumbukumbu?

#13 Mpima Bikoni
Mzee shikamoo. Ripoti inasema 180, "takriban". Sampuli tatu tu. Walipakia 25, 50, 100, 200, 400, 800, saa 24 kila mzigo.

#14 Mzee wa Piezomita
Marahaba. Hiyo "takriban" nimeipenda. Ukipakia kwa kuzidisha mara mbili, kati ya 100 na 200 huna nukta hata moja, na kona unayoitafuta imelala humo humo. Walitakiwa kuweka hatua ndogo kuanzia 120 hadi 260.

La pili, sampuli ikitikiswa kona inafutika na kumbukumbu inasomeka ndogo kuliko ilivyo. Kuna njia rahisi ya kujua. Tazama sampuli ilibonyea kiasi gani kuufikia ule mkazo wake wa asili, 173. Badiliko la e ukigawa kwa e0, likiwa chini ya 0.04 sampuli ni nzuri sana. Likipita 0.07 hiyo ni uji, usiiamini. Kwa e0 ya 1.5, mpaka wa kwanza ni badiliko la 0.06 na wa pili ni kama 0.1. Soma kwenye jedwali la maabara, namba zipo hapo.

#15 Mpima Bikoni
Nimesoma. Mbili ziko 0.11 na 0.13. Moja 0.05.

#16 Kokoto Tupu
Uji mbili, andazi moja 😂

#17 Mzee wa Piezomita
Basi unayo sampuli moja. Inasema ngapi?

#18 Mpima Bikoni
Hiyo moja inasema 175 hadi 185.

#19 Mzee wa Piezomita
Basi haina kumbukumbu ya maana, tubaki karibu na 52. Sasa tujibu swali lenyewe, maana bado hatujaligusa: mbona maji yametulia na ardhi inaendelea?

Ukipima maji kwenye kisima unapima maji ya mchanga. Mchanga unaitika siku hiyo hiyo. Mfinyanzi hauna haraka. Maji yake lazima yapenye vitundu visivyoonekana hadi yafike kwenye mchanga, na muda unakwenda kwa mraba wa umbali. Tabaka lako lina mchanga juu na chini, kwa hiyo tone lililo katikati lina mita 10 za kutembea. Kwa cv ya 1, nusu ya mtitio inachukua miaka 20 (0.197 × 100). Asilimia 90 inachukua miaka 85.

Maji yalishuka kwa miaka 4, kwa hiyo saa yetu tuianzishie katikati ya mshuko, mwaka wa 2. Leo tuko mwaka wa 10. Hapo mfinyanzi umemaliza asilimia 36 tu: sentimita 19 kati ya 52.

Na hili liwashangaze: ukichomeka piezomita, kile kipima shinikizo la maji, katikati kabisa ya mfinyanzi leo, itasoma karibu 175. Zamani ilikuwa 177. Inakokwenda ni 128. Yaani katikati hakujapata taarifa kwamba kuna pampu. Karibu mtitio wote mpaka sasa umetokea mita chache za chini, jirani na mchanga unaonyonywa.

#20 Kokoto Tupu
Sasa hii imenitoa mapango kichwani. Lakini basi dawa ni nyepesi: zima pampu, maji yapande, ardhi irudi.

#21 Bi Mfinyanzi
Ardhi hairudi, Kokoto. Mfinyanzi uliokwisha kulala unavimba kwa ule mteremko mdogo wa 0.06. Kwa hesabu yetu, uliotitia 52 utakurudishia kama 5. Venisi walizima visima vya viwandani miaka ya 1970, ardhi ikainuka sentimita 2 hivi. Bonde la San Joaquin kule Kalifonia kuna ile nguzo maarufu yenye mabango yanayoonyesha uso wa ardhi ulikuwa wapi mwaka 1925, 1955 na 1977. Kati ya bango la kwanza na la mwisho ni karibu mita 9. Hakuna bango lililoshuka.

Ila kuzima au kupunguza kunasimamisha, na mara nyingi huhitaji kurudisha maji yote. Kwa sababu katikati ya mfinyanzi hakujabanwa bado, ukirudisha mchanga mita 5 kati ya zile 10, unakokwenda kunapungua: katikati haielekei tena 128, inaelekea 152. Sehemu ya chini iliyokwisha kubanwa inavimba kidogo, ya katikati inaendelea kubonyea kidogo, na usoni zinakaribia kufutana. Anayesubiri miaka 40 kwanza ndipo arudishe maji hapati faida hii. Atakuta sehemu kubwa imekwishalala.

#22 Paili Ndefu
Na kurudisha maji nako kuna deni lake. Tokyo walibana uchotaji kwa sheria za mwaka 1956 na 1962 baada ya mitaa ya mashariki kushuka zaidi ya mita 4 sehemu nyingine. Maji yakapanda kweli. Kisha stesheni za chini ya ardhi za Tokyo na Ueno, zilizojengwa wakati maji yako chini, zikaanza kusukumwa juu kama boti. Ikabidi zifungwe chini kwa nanga za chuma na kuongezewa uzito. Mjini kila kimo cha maji kina mtu aliyejenga akikitegemea.

Halafu naomba mwenye uzi atujibu: kuna majengo ya paili hapo?

#23 Mpima Bikoni
Yapo. La ghorofa 7, paili za kipenyo cha sentimita 50 zimefika mchanga wa chini. Kati ya ngazi ya mlango na lami kuna mwanya wa sentimita 17 sasa. Wenyewe wanasema jengo linapanda. Bomba la maji taka limekatika mara mbili palipo ukuta.

#24 Paili Ndefu
Jengo limesimama palepale, mtaa ndio umeondoka. Mji wa Meksiko wanaijua habari hii: ule mnara wa Malaika wa Uhuru wa mwaka 1910 umeongezewa vidato 14 kwa sababu barabara imeshuka. Hiyo 17 yako, kwa njia, ni kipimo cha bure. Imekaribiana na 19 ya Mzee. Tofauti ndogo ni paili zenyewe kuzama kidogo.

Maana paili haziko salama kama zinavyoonekana. Mfinyanzi unaposhuka unazishika kiunoni na kuzivuta chini. Mkazo wa chembe katikati ni 173, chukua robo yake kama msuguano, 43. Eneo la paili ndani ya mita 20 za mfinyanzi ni mita 31 za mraba. Hiyo ni kilonyutoni 1,350, zaidi ya tani 130 kwa kila paili, na sijahesabu mchanga wa juu. Mhandisi aliyehesabu uzito wa jengo peke yake amesahau mgeni huyo. Dalili ni paili za pembeni kuzama kuliko za katikati, kwa sababu za katikati zinakingana.

Bomba msiliunganishe tena kwa zege. Weka viungo viwili vinavyozunguka na kipande kinachoteleza kati yao, nafasi ya kutosha sentimita 30 zaidi. Na angalieni mteremko wa maji taka: bomba la barabarani linashuka na la jengo halishuki, hapo ni salama. Likiwa linatoka barabarani kwenda chemba ya paili, mteremko utageuka.

#25 Mchimba Visima
Kesingi za visima nazo mziangalie. Zimekaa kwenye mchanga wa chini, kwa hiyo sakafu ya zege inabaki inaning'inia na unaweza kupitisha mkono chini yake. Watu huijaza udongo, ikifika mwaka ujao imeachia tena. Ile isiyoachia ni mbaya zaidi: mfinyanzi umeishika kesingi na kuikandamiza. Kesingi za plastiki hujikunja kati ya mita 25 na 30, pampu inakwama ukiitoa. Hapo ndipo mfinyanzi unapobonyea sasa, sawasawa na alivyosema Mzee kuhusu mita za chini.

#26 Fundi Jedwali
Mimi nimerudi na hesabu, na safari hii sikimbii. Mzee, asilimia 36 kwa mwaka wa 10. Kasi ya sasa kwa njia hiyo ni nusu ya 36 ukigawa kwa 10, yaani asilimia 1.8 kwa mwaka. Mara 52 unapata sentimita 0.93. Bikoni zinasema 2. Zaidi ya nusu ya kasi haina mwenyewe. Nani mwenye hiyo sentimita 1.07?

#27 Mzee wa Piezomita
Swali zuri. Nilikuwa naogopa utaliona 😄

#28 Tope la Zamani
Ni utambaaji. Mfinyanzi hubonyea hata baada ya maji kuacha kutoka, chembe zinaendelea kujipanga. Kwa udongo wa kawaida kiwango chake ni kama 0.04 ya Cc, hapa 0.024. Kwa mita 20 ni sentimita 19 kila muda unapozidishwa mara kumi. Hiyo ndiyo iliyobaki.

#29 Bi Mfinyanzi
Tope, "mara kumi" kuanzia lini? Mfinyanzi wa katikati haujaanza hata kubanwa. Zilizomaliza ni tuseme mita 4 za chini, zilizomaliza mwaka wa kwanza. Hizo zinakupa karibu sentimita 4 kati ya mwaka wa 1 na wa 10, na kwa kasi ya leo ni chini ya milimita 2 kwa mwaka. Haijazi pengo.

#30 Tope la Zamani
Hapo unahesabu kama vile utambaaji unasubiri zamu yake. Kuna wanaosema unakwenda sambamba tangu siku ya kwanza, na kwamba sampuli ya sentimita 2 iliyokaa saa 24 maabara haiwezi kukuonyesha kinachotokea kwenye tabaka la mita 20 kwa miaka 50. Ubishi huu ni wa zamani kuliko sisi wote humu.

#31 Bi Mfinyanzi
Ubishi ni wa kweli. Lakini hata kwa upande wako, mara mbili ya kasi ni nyingi kwa udongo huu.

#32 Mchimba Visima
Mfinyanzi wa mto hauko safi. Ukichimba unaona nyuzi za mchanga, sentimita 2, sentimita 5. Zinakatakata tabaka, maji yanatembea mita 2 na nusu badala ya 10.

#33 Mzee wa Piezomita
Kama nyuzi hizo zipo kila mita 5 na zimeungana na mchanga wa pampu, asilimia 90 inamalizika kwa miaka 5 na miezi. Huu ni mwaka wa 10, tungekuwa tumemaliza na bikoni zimelala. Tena upungufu ungekuwa 98 karibu kila mahali, na mtitio ungekaribia ile 94 aliyoikataa dada. Mwanya wa jengo ungekuwa unapita magoti. Uzi wa mchanga usioungana na kitu si mfereji, ni mfuko wa maji tu.

Lakini nyuzi zilizoungana nusu nusu, kwa mbali, upande mmoja wa mji? Hapo sikubishii.

#34 Kokoto Tupu
Mimi bado nasema majengo. Mji unakua, ghorofa zinaongezeka, uzito.

#35 Fundi Jedwali
Ghorofa 3, upana mita 10 kwa 10, kilopaskali 36 kwenye msingi. Mzigo unatawanyika ukishuka. Kwa kanuni ya mbili kwa moja, katikati ya mfinyanzi eneo limekuwa 30 kwa 30, zimebaki 4. Hiyo haifanyi kitu kikubwa. LAKINI kuna kitu umekikaribia bila kujua. Mpima, je, walijaza kifusi kabla ya kujenga?

#36 Mpima Bikoni
Ndiyo. Mita 1, eneo zima, kwa sababu ya mafuriko. Mwaka ule ule visima vilipoanza.

#37 Fundi Jedwali
Kifusi cha eneo zima hakitawanyiki. Kilopaskali 18 zinafika chini zote 18. Kutoka 222 hadi 240 ni sentimita 16 nyingine juu ya zile 52, na kwa kasi ya leo kama 0.3 kwa mwaka. Tumefika 1.2. Kokoto, umepata alama za kwanza.

#38 Kokoto Tupu
Naziandika ukutani.

#39 Paili Ndefu
Basi 0.8 bado yatima. Na sijasikia mtu anauliza: chini ya mchanga wa visima kuna nini?

#40 Mpima Bikoni
Hatujui mkuu. Visima vinaishia mita 60, hakuna tundu lililopita 65. Mchanga ulikuwa bado unaendelea.

#41 Paili Ndefu
Ndiyo kusema kunaweza kuwa na mfinyanzi wa pili mita 70 ambao nao unanyonywa kutoka juu yake, na huko upungufu ni 98 nzima kwenye paa lake. Wa kina hicho kwa kawaida ni mgumu zaidi, ila ukiwa mnene unachangia. Jengo la paili lingekuwa linashuka nalo, na mwanya wa ngazi usingeuonyesha. Mwanya wako unapima mita 30 za juu tu. Hebu pima mwanya kila miezi 3. Ukiongezeka sentimita 2 kwa mwaka, yote yako juu. Ukiongezeka 1.2, tafuta chini.

#42 Mpima Bikoni
Hilo nitaanza wiki hii. Bikoni ya kumbukumbu iko kwenye mwamba ukingoni mwa bonde, kilomita 6, kabla hamjauliza.

#43 Mzee wa Piezomita
Nilikuwa nauliza. Vizuri.

#44 Mpima Bikoni
Wakuu, jambo la mwisho. Bajeti imeruhusu tundu moja tu. Niweke nini?

#45 Mzee wa Piezomita
Piezomita tatu za waya unaotetema, mita 15, 20 na 27, ndani ya tundu moja. Jaza kwa saruji na bentonaiti, usiweke mifuko ya mchanga, ndani ya mfinyanzi mchanga huo unakuwa mfereji wa kujitengenezea. Subiri wiki kadhaa shinikizo litulie kabla ya kuamini namba. Ikisoma karibu 190 katikati, yaani ile 175 yangu na shinikizo la kifusi ambalo bado halijatoka, cv yako ni sahihi. Ikisoma 150, nyuzi za Mchimba zinafanya kazi.

#46 Paili Ndefu
Mimi ningeweka fimbo. Chuma kilichotiwa nanga mita 32, ndani ya bomba lililojaa mafuta kisishikwe na udongo, na kipimo cha milimita usoni. Piezomita zinakwambia kwa nini, fimbo inakwambia kiasi gani na kutoka wapi. Pengo lake ni la kiasi.

#47 Bi Mfinyanzi
Mwanya wa ngazi tayari ni fimbo ya bure, wewe mwenyewe umesema #41. Piezomita.

#48 Paili Ndefu
Fimbo yenye ghorofa 7 juu yake na tani 130 kiunoni? Hiyo nayo inazama, dada.

#49 Mchimba Visima
Chochote mtakachochagua, pitisheni tundu hadi mita 80 kwanza, mtoe sampuli, ndipo mfunge kurudi juu. Mkishaondoa mtambo kwenye eneo, kuurudisha ndiko kunakomaliza pesa.

#50 Mpima Bikoni
Mita 80 sikuwa nimeomba. Narudi kwao kesho. Mwanya wa ngazi leo jioni: sentimita 17.2, kona ya kushoto ya mlango, nimepiga msumari.

#51 Kokoto Tupu
Piga wa pili kona ya kulia. Wakipaka rangi watakung'oa mmoja.